Noti ya mtaji uliolindwa: dola zako 20,000 zinavyogawanywa siku ya kwanza

*"Shikamoo mzee. Nipo Tukuyu, nakusanya parachichi kwa ajili ya kampuni zinazosafirisha nje, na malipo yangu mengi ni ya dola. Nimefikisha akiba ya dola 20,000. Kuna wakala wa benki ya nje ameniletea kitu anachokiita noti ya mtaji uliolindwa, ya miaka mitano. Mwisho wa muda narudishiwa 20,000 zangu zote hata soko likianguka, na likipanda napewa asilimia 60 ya kupanda kwa fahirisi ya S&P 500. Anasema hatari yote inabebwa na benki. Mume wangu anasema hakuna mtu duniani wa kukupa faida akabaki na hasara, kwa hiyo ni matapeli. Mimi naona ni afadhali kuliko hela kulala tu. Picha za karatasi nimekutumia. Benki inawezaje kufanya hivyo, na kati ya hawa wawili mkweli ni nani?"*

Marahaba. Mumeo amepatia kanuni ila amekosea hukumu, na wakala amepatia bidhaa ila amekosea maelezo. Noti za namna hii zipo kweli, mabenki makubwa yameziuza kwa miongo, na hakuna uchawi ndani yake. Lakini ile sentensi ya "hatari yote inabebwa na benki" itoe kichwani kwanza. Benki inayoijenga noti hii vizuri haibebi hatari ya soko la hisa hata kidogo. Siku ileile unapolipa, hela yako inakatwa mafungu mawili. Moja linahakikisha 20,000 zinarudi, na jingine linanunua nafasi ya kupata faida. Yote mawili umeyalipia wewe.

Tuanze na fungu kubwa. Nadhani umewahi kusikia dhamana za serikali za muda mfupi ambazo Benki Kuu huzipiga mnada, zile za siku 364 kwa mfano. Mnunuzi halipi 100 kamili. Analipa pungufu, hapewi riba yoyote katikati, na siku ya mwisho anapewa 100. Pengo kati ya alicholipa na alichopokea ndiyo faida yake. Sasa chukua kitu hichohicho, ukivute hadi miaka mitano, na aliyekopa awe benki badala ya serikali. Hiyo ndiyo hatifungani isiyo na kuponi, na ndiyo uti wa mgongo wa noti yako.

Tuseme riba ya dola kwa miaka mitano ni asilimia 4 kwa mwaka. Ni dola ngapi nikiziweka leo zitakuwa 20,000 baada ya miaka mitano? Unagawa 20,000 kwa 1.04 mara tano, unapata 16,439. Ukitaka kuhakikisha, panda nazo ngazi kwa ngazi. Mwaka wa kwanza zinakuwa 17,096, wa pili 17,780, wa tatu 18,491, wa nne 19,231, na wa tano zinatua kwenye 20,000. Kwa hiyo siku unapokabidhi dola 20,000, benki inahitaji 16,439 tu ili ahadi ya kukurudishia mtaji itimie. Zinabaki 3,561 mezani.

Hapa ndipo palipojificha jibu la mumeo. "Ulinzi" wa mtaji haukutoka kwenye mfuko wa benki. Umetoka kwenye riba yako ya miaka mitano, ambayo umekubali kutoipokea. Ungeweka 20,000 zote kwenye hatifungani ya kawaida kwa riba hiyohiyo, ungeondoka na 24,333. Hizo 4,333 za juu ndizo ulizozitoa sadaka, ila umezitoa mapema, kwa thamani yake ya leo, ambayo ni zile 3,561. Noti haijafuta hatari. Imekuruhusu kucheza na riba huku mtaji ukiwa umefungiwa kabatini.

Fungu la pili ni opsheni ya kununua. Jina linatisha, lakini wewe mkusanya parachichi unalijua jambo lenyewe kuliko vijana wengi wenye shahada. Mnunuzi anakuja Rungwe matunda yakiwa bado machanga. Anamwambia mkulima: nakupa arbuni ya shilingi 200 kwa kilo leo, na baada ya miezi mitatu niwe na haki ya kuchukua mzigo kwa 1,500. Msimu ukifika bei ikiwa 2,200, anarudi mbio, anachukua kwa 1,500, na baada ya kutoa arbuni yake amebaki na faida ya 500 kwa kilo. Bei ikiwa imeanguka hadi 900, hatokei. Simu hapokei. Amepoteza 200 zake na mambo yameishia hapo. Hasara yake haiwezi kuzidi arbuni, faida yake haina ukomo. Tofauti ni moja tu. Huku kwetu arbuni mara nyingi huhesabiwa ndani ya bei ya mwisho, wakati kwenye opsheni haihesabiwi: umelipa, imekwenda.

Noti yako ina arbuni ya namna hiyo juu ya S&P 500, fahirisi inayofuata bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Bei ya makubaliano ni kiwango cha fahirisi cha siku ya kuanza, na muda ni miaka mitano. Ikiwa juu siku hiyo ya mwisho, opsheni inalipa tofauti. Ikiwa chini, opsheni inakufa kimya kimya, na hatifungani inakurudishia 20,000 zako. Ukurasa wa tatu wa karatasi yako umeandika hivi, nimeweka namba zako:

```
Malipo = 20,000 + 20,000 × 0.60 × max(0, (I5 − I0) / I0)
```

I0 ni fahirisi ya siku ya kuanza na I5 ni ya siku ya mwisho. Neno `max(0, …)` maana yake chukua kilicho kikubwa kati ya sifuri na hicho kingine, yaani soko likishuka usiandike namba hasi, andika sifuri. Sehemu ya kwanza kabla ya alama ya kujumlisha ni hatifungani. Sehemu ya pili ni opsheni, asilimia 60 ya opsheni nzima. Hakuna kitu cha tatu ndani ya karatasi hiyo yenye kurasa kumi na moja.

Kwa nini 60 na si 100? Kwa sababu arbuni ya miaka mitano si rahisi. Bei yake inategemea mambo machache: muda, riba, gawio linalolipwa na hizo kampuni, na mtikisiko wa bei. Mtikisiko ndio unaopandisha zaidi. Parachichi zingekuwa na bei ileile kila msimu, nani angelipa arbuni? Kadiri bei inavyoruka, ndivyo haki ya kuchukua kwa bei ya zamani inavyokuwa na thamani. Mabenki hutumia kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973, au nyingine zilizozaliwa kutoka kwake. Nimeitumia kwa riba ya asilimia 4, gawio la asilimia 1.5 kwa mwaka na mtikisiko wa asilimia 18, nikapata kwamba opsheni kamili ya miaka mitano inagharimu takribani dola 19.90 kwa kila 100. Kwa 20,000 zako ni dola 3,980.

Mezani tulibakiwa na 3,561. Hazitoshi kununua opsheni kamili, zinatosha kununua asilimia 89 yake. Kwa hiyo benki isiyochukua hata senti ingekupa 89. Wao wanakupa 60, ambayo inawagharimu dola 2,388. Toa hizo kwenye 3,561, zinabaki dola 1,173. Hiyo ndiyo gharama ya kukutengenezea noti, faida ya benki na kamisheni ya wakala wako, vyote kwa pamoja, na vimekatwa siku ya kwanza bila kuonekana kama makato.

Usinielewe vibaya, mtu anayekufanyia kazi lazima alipwe. Ila nenda ukurasa wa saba wa karatasi yako, chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Kuna mstari unaosema thamani ya noti kwa makadirio ya mtoaji siku ya kuuzwa ni 938 kwa kila 1,000. Mimi, kwa penseli na namba za kubahatisha za mtikisiko na gawio, nilipata 941. Wao wenyewe wamekiri kwamba kitu unachokilipia 1,000 kina thamani ya 938. Wakala alikuonyesha mstari huo? Nauliza tu.

Sasa swali la maana zaidi: je, ni biashara mbaya? Hapa sina jibu la mkato, kwa hiyo tuilinganishe na vitu viwili.

Kwanza, na yule aliyeweka zote kwenye hatifungani ya kawaida na ana 24,333 za uhakika. Ili umpite, fahirisi lazima iwe imepanda zaidi ya asilimia 36 ndani ya miaka mitano, kwa sababu asilimia 60 ya 36 ndiyo inayokupa zile 4,333. Ikipanda asilimia 20 tu, utafurahi kwamba umepata 22,400, na hutajua kwamba jirani yako asiyehangaika na soko la hisa amekuzidi karibu dola elfu mbili.

Imewahi kutokea kila namna. Fahirisi hiyo ilimaliza mwaka 1999 ikiwa kwenye 1,469, na mwisho wa 2004 ilikuwa 1,212. Noti kama yako ya kipindi hicho ingerudisha mtaji mtupu, miaka mitano bila hata senti ya riba. Kinyume chake, ilimaliza 2019 kwenye 3,231 na 2024 kwenye 5,882, imepanda asilimia 82. Asilimia 60 ya hapo ni 49, yaani ungeondoka na dola 29,800 na ushee. Hakuna anayejua mitano ijayo itafanana na ipi, na wakala wako hajui zaidi yako.

Pili, linganisha na kuijenga noti mwenyewe. Hakuna sheria inayosema lazima ununue viungo vikiwa vimeshapikwa. Weka 16,439 kwenye hatifungani isiyo na kuponi, na 3,561 zilizobaki, badala ya opsheni, nunua nazo mfuko wa kawaida unaofuata fahirisi. Hata mfuko huo ukififia hadi sifuri, bado una 20,000 zako. Soko lisipopanda wala kushuka, noti inakupa 20,000, ya kujijengea inakupa 23,561. Likishuka nusu, noti 20,000, yako 21,780. Likipanda asilimia 30, noti 23,600, yako 24,629. Noti inaanza kushinda soko likipanda zaidi ya asilimia 42, na ukihesabu gawio la mfuko ni kama 47. Likipanda asilimia 80, noti inakuacha mbali: 29,600 dhidi ya 26,410.

Kwa hiyo noti si upuuzi. Ni tiketi ya mtu anayeamini soko litapanda sana na hataki kulala macho likianguka. Asiyeamini kwamba litapanda sana, noti inamnyonya polepole. Na usisahau gawio. Fahirisi inayotangazwa kwenye skrini inafuata bei za hisa peke yake, na gawio ambalo kampuni hizo hulipa kila robo mwaka halimo. Mwenye mfuko analipata, mwenye noti halioni. Benki haikuliiba. Limo ndani ya hesabu ya opsheni na ndilo linaloifanya iwe rahisi kidogo. Lakini wauzaji wengi hulipita jambo hili kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria.

Nije kwenye jambo ambalo limewaliza wengi, nami nimeliona kwa macho. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la hazina la benki moja Dar kabla ya kurudi nyumbani Mbeya. Mteja wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua noti ya namna hii kupitia tawi letu. Mwaka wa pili mkewe akaugua, akaja kutaka hela zake. Alikaa mbele yangu ameshika karatasi kwa mikono miwili, kidole kiko juu ya neno "uliolindwa". Nilimpa bei ya siku hiyo, ilikuwa chini ya alichoweka. Aliniuliza swali moja: "Umelindwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumtosha, na kosa lilikuwa letu kwa sababu aliyemuuzia hakumwambia.

Ulinzi unafanya kazi siku moja tu, siku ya mwisho. Kabla ya hapo unachomiliki ni vile vitu viwili kwa bei yake ya sokoni. Chukua noti yako baada ya miaka miwili. Tuseme riba ya dola imepanda hadi asilimia 6 na soko limeshuka robo. Ile hatifungani, ikiwa imebakiza miaka mitatu, ina thamani ya 16,792. Opsheni haijafa, bado kuna miaka mitatu ya kuomba, na kwa hesabu yangu sehemu yako ya asilimia 60 ina thamani ya kama dola 570. Jumla ni kama 17,360, na benki ikikubali kuinunua itakata tena kidogo hapo. Kwa hiyo kama sehemu ya hizo 20,000 ndiyo mtaji wako wa msimu, ya kuwalipa wakulima kabla kampuni haijakulipa wewe, sehemu hiyo isiguse noti kabisa.

Kuna na hatari kubwa kuliko hiyo, ingawa hutokea mara chache. Nimesema fungu la kwanza ni hatifungani, na kwamba mkopaji ni benki. Maana yake umeikopesha benki iliyotoa noti dola zako kwa miaka mitano. Soko likianguka, umelindwa. Benki ikianguka, wewe ni mdai kama wadai wengine, unapanga foleni. Septemba 15, 2008 Lehman Brothers ya Marekani iliomba kufilisika, na miongoni mwa waliobaki na karatasi zake ni watu waliouziwa noti zilizoandikwa kwamba mtaji umelindwa asilimia 100. Hesabu ya hatifungani na opsheni ilikuwa sahihi kabisa. Aliyeahidi kulipa ndiye hakuwepo. Wala bima ya amana haikuhusu hapa, kwa sababu noti si amana. Kuuzwa na mtu mwenye kadi ya benki hakuifanyi iwe akaunti ya akiba.

Hapo utaona pia kwa nini wakati mwingine noti inayoonekana tamu inatoka kwa mtoaji dhaifu. Mkopaji asiyeaminika hulipa riba kubwa zaidi ili akopeshwe. Riba ikiwa kubwa, hatifungani inagharimu kidogo, kinachobaki cha kununua opsheni kinakuwa kingi, na asilimia ya ushiriki, ile 60 ya kwako, inapanda. Akija mwingine anakuahidi 110 wakati wenzake wanatoa 60, usiulize kwanza amewezaje kuwa mkarimu. Uliza anakopeshwa kwa riba gani.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini kule Ulaya bidhaa hizi zilikuwa ngumu kutengeneza kati ya 2014 na 2022, Benki Kuu ya Ulaya ilipokuwa na riba hasi. Kwa riba ya nusu asilimia, hatifungani ya miaka mitano inakula 97.5 katika kila 100, na 2.5 zinazobaki hazinunui opsheni ya maana. Wauzaji wakaanza kukata pembeni: kulinda 90 badala ya 100, kurefusha muda, kuweka dari ya faida, au kutumia wastani wa fahirisi wa miezi ya mwisho badala ya siku ya mwisho. Karatasi yako haina dari na haina wastani, nimeipitia mara mbili. Hilo ni zuri, na nalisema ili usidhani nimekuja kuiponda tu.

Geuza sasa uangalie shilingi. Kwa riba ya asilimia 10, kulinda shilingi milioni 10 kwa miaka mitano kunahitaji milioni 6.2 tu leo, zinabaki milioni 3.8. Ndiyo maana nchi yenye riba kubwa ni mahali pazuri pa kulinda mtaji kwa njia hii. Tatizo ni fungu la pili, maana Soko la Hisa la Dar es Salaam halina opsheni za hisa, kwa hiyo hapa nyumbani hakuna pa kununua ile arbuni. Lakini njia ya kujijengea ipo: hatifungani ya serikali, ambayo unaanza nayo kwa shilingi milioni moja, na kilichobaki kwenye hisa au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT. Hatifungani zetu za muda mrefu zinalipa kuponi kila miezi sita, kwa hiyo ili hesabu ya milioni 6.2 kufika 10 itimie lazima kila kuponi uirudishe kazini. Ukiila, au riba ikishuka wakati wa kuirudisha, utafika pungufu kidogo. Si kamilifu kama karatasi ya wakala, ila hakuna dola 1,173 zinazopotelea njiani.

Suala la kubadili dola kuwa shilingi sitakuamulia. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700 na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imerudi karibu na 2,400. Aliyekuwa na haraka upande wowote aliumia. Angalia matumizi yako ya miaka mitano ijayo. Ada, nyumba na vibarua vikilipwa kwa shilingi, basi mtaji "uliolindwa" kwa dola una mlango mwingine ulio wazi, na noti haina kufuli la mlango huo.

Kabla ya kusaini chochote, kuna safari mbili ambazo mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi. Ya kwanza ni kujua kama wakala huyu ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wapigie wenyewe, usiamini nakala aliyokuonyesha kwenye simu. Akiwa hana, mazungumzo yaishie hapo hata kama noti ni halali, kwa sababu hela yako inapita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mtoaji. Na akikuambia utume kwenye akaunti yenye jina lake au la kampuni yake, basi mumeo alikuwa sahihi kwa asilimia mia. Ya pili, shuka Mbeya mjini kwenye tawi la Benki Kuu au uingie kwenye benki unayotunzia dola, uulize masharti ya sasa ya mkazi kupeleka fedha nje kuwekeza. Nenda na karatasi yenyewe, si picha.

Mimi ningefanya nini? Kwa biashara yako, nisingeweka zote. Kama moyo umeshapenda, ningeweka dola 5,000, nikijua nimenunua hatifungani ya 4,110 na kipande cha opsheni cha 600, na kwamba karibu 290 zimekwenda kwa waliopika. Zilizobaki ningezigawanya kati ya akiba ya msimu na hatifungani ya kawaida. Lakini hata hizo 5,000 nisingezitoa kwa sasa, kwa sababu bado sijui unamkopesha nani. Picha ya ukurasa wa kwanza uliyonitumia imekatwa juu, na jina kamili la mtoaji huandikwa hapohapo. Nembo kubwa yenye rangi inayoonekana pembeni ni ya muuzaji, ambaye si lazima awe ndiye mtoaji. Ipige tena ukurasa mzima, unitumie.